Hadithi ikizidi utamu, uwezekano hupungua: mwongozo kamili wa kukwepa kosa la uunganishaji

Julai 1982, wachambuzi 115 waliohudhuria kongamano la kimataifa la utabiri mjini Istanbul walipewa swali fupi na wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman. Kundi moja liliulizwa: kuna uwezekano gani kwamba mwaka 1983 Marekani na Umoja wa Kisovieti zitavunja kabisa uhusiano wa kibalozi? Kundi la pili liliulizwa jambo hilohilo, ila likaongezewa chanzo: Warusi wataivamia Poland, na uhusiano huo utavunjika kabisa. Kundi la kwanza lilitoa wastani wa asilimia 0.14. Kundi la pili, lenye uvamizi wa Poland ndani yake, lilitoa asilimia 0.47, zaidi ya mara tatu.

Hawa hawakuwa watu waliookotwa barabarani. Kutabiri ndiyo kazi iliyokuwa inawaweka mjini. Lakini kila namna ambayo Poland ingevamiwa na mabalozi wakarudishwa nyumbani ni namna mojawapo ya mabalozi kurudishwa nyumbani. Swali la pili limo zima ndani ya la kwanza. Sehemu haiwezi kuizidi ile nzima inayoibeba, hata kwa nukta moja.

Hilo ndilo kosa la uunganishaji: kuona kwamba «A na B» lina uwezekano mkubwa kuliko «A» peke yake. Kanuni inayovunjwa ni fupi, P ikiwa ni uwezekano:

```
P(A na B) = P(A) × P(B ikiwa A)
```

Kipande cha mwisho hakizidi 1, kwa hiyo upande wa kulia hauwezi kuizidi P(A). Kanuni haina shida kuielewa. Shida ni kuikumbuka pale hadithi inapokuwa nzuri. Mwongozo huu unafuata kesi moja hatua kwa hatua, hadithi ikipimwa kwa namba. Kabla ya hapo tushike vizuri jinsi kosa lenyewe linavyotuingia, maana asiyelitambua atazifanya hesabu zote vizuri na bado aanguke mlango wa nyuma.

Kosa linavyoingia

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa dadu, kwa sababu hauna mtu wala siasa ya kumsingizia. Umetoka kwenye makala ya Tversky na Kahneman ya mwaka 1983. Dadu ina nyuso nne za kijani na mbili nyekundu. Inarushwa mara 20, na matokeo yanaandikwa kwa mfululizo. Unachagua mpangilio mmoja kati ya hii mitatu, na ukitokea popote mfululizo katika mirusho hiyo 20, unashinda dola 25 (N ni nyekundu, K ni kijani):

```
1)  N K N N N
2)  K N K N N N
3)  K N N N N N
```

Wanafunzi 125 waliocheza kwa pesa halisi walichagua, na asilimia 65 wakachukua mpangilio wa pili. Utazame tena. Ni ule wa kwanza uliobandikwa K mbele. Kila wa pili unapotokea, wa kwanza umeshatokea ndani yake. Wa kwanza una nafasi ya 2/243 kwenye mirusho mitano, na wa pili 4/729 kwenye mirusho sita, yaani theluthi mbili ya ule wa kwanza. Hakuna matokeo yoyote ambayo wa pili unashinda na wa kwanza ukashindwa.

Kwa nini basi wengi waliuchukua? Kwa sababu dadu ni ya kijani zaidi, na mpangilio wa pili una kijani zaidi. Unafanana na dadu. Akili iliulizwa «kipi kina nafasi kubwa ya kutokea?», ikajibu «kipi kinafanana zaidi na ninachokijua?» Maswali haya mawili huwa na jibu moja mara nyingi, ndiyo maana tabia hii inadumu. Yanaachana pale unapoongeza maelezo: kila undani unaofaa unaongeza mfanano, na kila undani, ufae usifae, unapunguza uwezekano au kuuacha palepale.

Wapo wanaosema tatizo ni lugha tu. Mfano maarufu wa Linda ndio huletwa hapo: mwanamke wa miaka 31, mwerevu, asiyeficha anachokiwaza, aliyesomea falsafa na kupinga ubaguzi akiwa mwanafunzi. Asilimia 85 ya waliopimwa waliona kwamba ni rahisi zaidi awe «karani wa benki na mwanaharakati wa haki za wanawake» kuliko awe «karani wa benki». Labda, wanasema wakosoaji, watu husikia «karani wa benki» kama «karani wa benki asiye mwanaharakati». Pingamizi hilo lina uzito wake, na tutalirudia kwenye hatua ya tano. Lakini sentensi ilipobadilishwa ikawa «karani wa benki, awe mwanaharakati au asiwe», bado asilimia 57 walikosea. Lugha inaeleza sehemu ya kosa, haielezi lote.

Kesi tutakayoipima

Stoo ya vifaa imehesabiwa, na vifaa vilivyomo ni vichache kuliko vilivyoandikwa. Katika daftari la kutolea bidhaa, kurasa mbili hazipo. Meneja anakuja na maelezo haya:

«Mtunza stoo mpya, ambaye anadaiwa huku na kule, amekuwa akiiba vifaa kwa kushirikiana na dereva, kisha akachana kurasa ili kuficha ushahidi.»

Kila kitu kimekaa mahali pake. Kuna sababu, kuna njia, kuna mwenzi, kuna kurasa zilizokosekana. Ukilisikia dai hili mara moja, unaanza kuona sura ya mtu. Sasa tulipime.

Hatua ya 1: Ivunje hadithi kwenye viungo vyake

Andika dai lote kwa sentensi moja, kisha tafuta kila mahali lilipounganishwa. Usitafute neno «na» tu. Hadithi nzuri huficha viunganishi vyake, na vile vilivyofichika ndivyo vinavyopita bila kulipiwa ushuru. «Ambaye» ni kiunganishi. «Kwa kushirikiana na» ni kiunganishi. «Kisha», «ili», «kwa sababu», «baada ya», hata sifa iliyobandikwa kwenye jina, vyote vinaleta dai jipya ambalo nalo linaweza kuwa la uongo.

Dai la meneja likivunjwa linakuwa hivi: kuna wizi wa ndani, mwizi ni mtunza stoo, alishirikiana na dereva, kumbukumbu ziliharibiwa makusudi. Madeni nimeyaacha nje kwa sababu katika kesi yetu yanajulikana na kila mtu, kwa hiyo ni sehemu ya tunachokijua na si sehemu ya dai. Tofauti hiyo ishike. Jambo lililothibitishwa halipunguzi uwezekano wa hadithi. Lakini «aliiba kwa sababu ya madeni» ni dai lingine kabisa, maana mtu anaweza kuwa na madeni na akaiba kwa sababu nyingine. Nimeliacha ili hesabu isirefuke, si kwa sababu ni la bure.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kesi 1000, si kwa asilimia

Hatua hii inasaidia kuliko zote, na kuna ushahidi. Katika utafiti uleule wa 1983, watu walisoma kuhusu uchunguzi wa afya wa wanaume wa British Columbia, Kanada. Walipoulizwa ni asilimia ngapi wamewahi kupata shambulio la moyo, na asilimia ngapi wamepata shambulio la moyo na pia wana zaidi ya miaka 55, asilimia 65 walikosea kwa kulipatia swali la pili namba kubwa zaidi. Swali lilipogeuzwa kuwa «wangapi kati ya wanaume 100», waliokosea walishuka hadi asilimia 25. Ukiwa na watu mbele yako, unaona mara moja kwamba wale wa zaidi ya miaka 55 wametolewa ndani ya kundi lilelile.

Basi tuwazie stoo 1000 zilizogundua upungufu kama wetu, kabla hatujasikia habari za kurasa. Namba ninazoweka hapa ni za kudhania, na mtu anayeijua stoo yake ataweka zake. Nitaonyesha baadaye ni kitu gani kinabadilika ukizibadilisha na kitu gani hakibadiliki.

Katika stoo 600, hakuna aliyeiba: watu walihesabu vibaya au waliandika vibaya. Katika 100, vifaa viliharibika bila kuandikwa au vililetwa pungufu tangu mwanzo. Katika 300 kuna wizi wa ndani.

Hatua ya 3: Shuka ngazi, kila kiungo ndani ya kilichotangulia

Chukua zile 300 za wizi. Uliza: katika hizi, ngapi mwizi ni mtunza stoo? Tuseme 150. Katika hizo 150, ngapi alishirikiana na dereva? Tuseme 60. Katika hizo 60, ngapi kumbukumbu ziliharibiwa? Tuseme 40.

Hadithi kamili ya meneja imebaki na stoo 40 kati ya 1000, yaani asilimia 4. Angalia kwamba hakuna ngazi niliyokuwa mchoyo nayo. Nusu, kisha asilimia 40, kisha theluthi mbili: kila kiungo peke yake ni cha kuaminika. Ukimuuliza meneja kuhusu kimoja kimoja, atasema «hilo linawezekana kabisa», na atakuwa sahihi kila mara. Ni kuzidishana kwake ndiko kunakomeza hadithi.

Watu huharibu hatua hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua wastani badala ya kuzidisha. Moyoni, kiungo chenye nguvu hukifidia kilicho dhaifu: «kuhusu dereva sina hakika, ila kuhusu mtunza stoo niko imara, basi tuseme nusu kwa nusu». Uwezekano haufidiani hivyo. Kiungo cha asilimia 5 kikiunganishwa na cha asilimia 90 kinatoa asilimia 4.5, ilhali wastani ungekupa 47.5. Ukiona namba yako ya mwisho imepita ile ya kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, umechukua wastani bila kujua.

Njia ya pili inakwenda upande wa pili, na hufanywa na waliojifunza kanuni juzijuzi. Wanazidisha viungo kama vile havijuani. Wanauliza «ni stoo ngapi kati ya zote zilizoharibu kumbukumbu?», wanapata namba ndogo sana, wanaizidisha humo na hadithi inakufa. Lakini kuharibu kumbukumbu ni jambo la kawaida zaidi pale penye wizi wa watu wawili kuliko penye kosa la kuhesabu. Ndiyo maana kanuni ina maneno «B ikiwa A». Swali la kila ngazi huulizwa ndani ya kundi lililobaki, si ndani ya stoo zote. Kiungo kikifuata chenyewe kutoka kwa kilichotangulia, hakipunguzi chochote, nacho hakistahili kuadhibiwa kwa sababu tu kimetamkwa.

Hatua ya 4: Tenga «inaeleza vizuri» na «ni ya kweli»

Sasa turudishe zile kurasa mbili. Hapa ndipo wengi, wakiwemo wanaoijua kanuni kwa moyo, hujikwaa, na ndiyo sababu hasa ya kuandika mwongozo huu.

Uliza kwanza: kama hadithi kamili ni ya kweli, kurasa zingekosekana mara ngapi? Mara nyingi. Tuseme asilimia 80, maana baadhi wangefuta au kubadilisha namba bila kuchana. Katika wizi wa mtunza stoo wa namna nyingine, tuseme asilimia 10, na katika wizi wa wafanyakazi wengine vilevile 10. Katika makosa ya kuhesabu, na katika uharibifu wa kawaida, tuseme asilimia 5: daftari hulowa, huchanika, mtu huchukua karatasi ya kuandikia.

Tuhesabu stoo zenye kurasa zilizokosekana:

```
Kundi                                  Stoo   Kurasa hazipo
Hadithi kamili (dereva na kurasa)        40        32
Mtunza stoo, kwa namna nyingine         110        11
Wizi wa wafanyakazi wengine             150        15
Makosa ya kuhesabu au kuandika          600        30
Uharibifu, mzigo pungufu                100         5
Jumla                                  1000        93
```

Tumebaki na stoo 93 zinazofanana na yetu. Kati yake, 32 ndizo za hadithi kamili: asilimia 34. Zenye mtunza stoo kwa namna yoyote ni 32 na 11, yaani 43: asilimia 46. Zenye wizi wa ndani wa namna yoyote ni 58: asilimia 62.

Ushahidi umeisaidia hadithi ya meneja sana, kutoka asilimia 4 hadi 34, na si haki kumwambia anaota. Ila utaratibu wa kuingiana haukuguswa. Hadithi kamili iko chini ya «mtunza stoo aliiba», nayo iko chini ya «kuna wizi wa ndani».

Sasa soma jedwali kwa njia ya pili, uone mtego. Uliza kila dai linaeleza kurasa zilizokosekana vizuri kiasi gani. Hadithi kamili: 32 kati ya 40, asilimia 80. Mtunza stoo aliiba: 43 kati ya 150, kama asilimia 29. Wizi wa ndani: 58 kati ya 300, kama asilimia 19. Kosa la kuhesabu: asilimia 5.

Safu imegeuka juu chini. Kadiri dai linavyojaa maelezo ndivyo linavyoeleza ushahidi vizuri zaidi, na ndivyo linavyobaki na uwezekano mdogo kuliko dai lililolibeba. Yote mawili yametoka kwenye jedwali moja na yote mawili ni sahihi. Mtu anayesema «lakini hadithi hii inaeleza kila kitu!» anasoma ile safu ya asilimia 80 na kuitangaza kana kwamba ni ile ya 34. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kosa la uunganishaji nje ya maabara ni kubadilishana huku kwa maswali, zaidi ya kutojua kuzidisha. Hadithi yenye undani hutungwa ili ieleze ushahidi. Si ajabu ikaueleza.

Hatua ya 5: Ilinganishe na jirani anayefaa

Kanuni inabana pale tu dai moja limo ndani ya jingine. Haisemi kwamba hadithi ndefu hushindwa na kila hadithi fupi. «Kosa la kuhesabu» ni fupi kuliko hadithi ya meneja, lakini hadithi hiyo haimo ndani ya dai hilo, na katika jedwali letu lina stoo 30 dhidi ya 32. Yamekaribiana, na hadithi ndefu iko mbele kidogo. Anayeitupa kwa sababu ni ndefu tu naye amekosea.

Kwa hiyo andika kila mara jirani wa aina mbili. Wa kwanza ni hadithi hiyohiyo iliyopunguzwa kiungo kimoja. Huyo lazima awe na namba kubwa zaidi au sawa, na asipokuwa hivyo rudi kwenye hesabu. Wa pili ni mshindani asiyehusiana nayo. Huyo hana amri, ni kupima tu. Stoo zile 30 za makosa ya kawaida ndizo ambazo meneja hakuzitaja hata mara moja, na zina uzito karibu sawa na hadithi yake nzima.

Hapa ndipo pingamizi la lugha linapopata nafasi yake. Ukiandika «mtunza stoo aliiba» chini ya «mtunza stoo aliiba na dereva», msomaji ataelewa kwamba ya kwanza ni «peke yake». Hayo si madai yaleyale. Katika stoo zetu 150 za mtunza stoo, 60 zina dereva na 90 hazina, na 90 hizo hazilazimiki kuwa nyingi kuliko 60. Zingeweza kuwa chache. Ondoa utata kwa kuandika «mtunza stoo aliiba, akiwa na mwenzake au peke yake». Sentensi haivutii, ila inazuia ugomvi wa bure kwenye kikao.

Hatua ya 6: Zibadilishe namba, uone kipi kinatikisika

Nilisema namba ni za kudhania. Ziguse. Tuseme daftari hili linatunzwa kwenye kabati lenye kufuli, kwa hiyo kurasa zikosekane kwa bahati mbaya asilimia 2 tu ya makosa ya kuhesabu badala ya 5. Zile 30 zinakuwa 12, jumla inashuka hadi 75. Hadithi kamili inapanda hadi asilimia 43, mtunza stoo hadi 57, wizi wa ndani hadi 77.

Namba zimeruka, mpangilio umebaki. Hilo ndilo jambo zuri la kanuni hii: haihitaji makadirio sahihi. Waweza kubishana usiku kucha kuhusu ile asilimia 5, lakini hakuna jibu la ubishi huo litakaloifanya hadithi kamili ipite «mtunza stoo aliiba». Kinachotegemea makadirio ni mashindano na wale wasioingiana, na hapo ndipo pa kutumia muda wa kutafuta takwimu.

Undani unapokuwa ushahidi wenyewe

Kuna hali moja ambapo maelezo mengi yanapaswa kukuongezea imani, na si kosa. Tuseme hadithi haikutoka kwa meneja aliyekuwa anawaza, bali kwa mlinzi anayesema: «Nilimwona mtunza stoo akipakia vifaa kwenye gari la dereva, jioni, mlango wa nyuma.» Mwingine anasema tu: «Kuna wizi hapa.» Una haki ya kumwamini wa kwanza zaidi, hata kuhusu jambo lile la jumla la wizi, kwa sababu asiyeona kitu hapati kwa urahisi maelezo ya namna hiyo, na akiyatunga anajiweka mahali pa kukamatwa.

Kanuni haijavunjwa. Kilichobadilika ni ushahidi: sasa tunapima kila kitu kwa kuzingatia kwamba mtu fulani ametoa maelezo fulani. Ndani ya hali hiyo, «wizi» bado uko juu ya «wizi wa mtunza stoo na dereva jioni». Vyote viwili vimepanda pamoja.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza undani umetoka wapi. Kama ungekuwa na sura nyingine lau mambo yangekuwa mengine, ni ushahidi. Kama umetungwa na mtu aliyekaa na data ileile uliyonayo wewe, ni viungo vya ziada, na kila kimoja kinashusha. Meneja wetu hakuona gari lolote. Dereva aliingizwa kwenye hadithi kwa sababu vifaa ni vizito na lazima vingebebwa na kitu.

Hatua ya 7: Chagua cha kuthibitisha kwa kuangalia jedwali

Hadithi kamili inavuta uchunguzi kuelekea mwisho wake: mhoji dereva, tafuta mapato ya siri. Jedwali linavuta upande mwingine. Kundi kubwa linaloshindana na wizi ni zile stoo 30 za makosa, na zina kipimo cha bei rahisi: hesabu upya, kwa mtu ambaye hakuhesabu mara ya kwanza na ambaye hajaonyeshwa namba za awali.

Tuseme hesabu hiyo ingegundua makosa manne kati ya kila matano. Ikifanyika na upungufu ukabaki palepale, zile 30 zinakuwa 6, na jumla ni 69. Wizi wa ndani sasa ni 58 kati ya 69, asilimia 84. Mtunza stoo kwa namna yoyote ni asilimia 62. Hadithi kamili, pamoja na dereva wake, ni asilimia 46.

Ripoti inayofuata haiandikwi kwa sentensi moja ya meneja. Inaandikwa kwa sentensi tatu, kila moja na namba yake na hatua inayostahili kiwango hicho. Wizi wa ndani, 84: fungia stoo, badilisha utaratibu wa kutoa bidhaa leo hii, maana uamuzi huo unafaa awe nani aliyeiba. Mtunza stoo, 62: mwondoe kwa muda kwenye funguo huku uchunguzi ukiendelea, bila kumtangaza mwizi, kwa kuwa katika zaidi ya theluthi moja ya stoo kama hii hana hatia ya wizi. Hadithi kamili, 46 tu hata baada ya yote hayo: kagua kumbukumbu za safari za dereva, na jina lake lisiingie kwenye barua yoyote mpaka kumbukumbu hizo zisomwe.